Ganzi Shavuni, Sukari Damuni

Katikati ya mwaka 2021 redio za Afrika Mashariki zilijaa habari za "fangasi weusi" wa India. Kufikia Julai, serikali ya nchi hiyo ilikuwa imehesabu wagonjwa zaidi ya 45,000 na vifo zaidi ya 4,300. Wengi walikuwa wameugua korona, wakapewa dawa za steroidi, na walikuwa na kisukari kisichodhibitiwa au ambacho hawakujua kuwa wanacho. Mwezi Juni Oman nayo ikatangaza wagonjwa wake watatu. Kisha habari zikapoa, na wasikilizaji wengi wakabaki na picha ya ugonjwa wa India uliokuja na korona na kuondoka nayo.

Picha hiyo ina kasoro. Mwaka 1943, huko Baltimore, Marekani, madaktari walichapisha taarifa ya wagonjwa watatu wenye kisukari ambao ukungu uliwapanda kutoka usoni hadi ubongoni na kuziba mishipa yao ya damu. Wote watatu walikufa. Korona haikuwapo. Ukungu wenyewe, wa kundi la Mukorale na hasa aina ya Raizopasi, hauna nchi yake. Huishi katika udongo, mboji, mkate uliovunda na maembe yaliyooza chini ya mti, na vijimbegu vyake huvutwa puani kila siku na kila mtu, awe Delhi au Baraka. Kinachogeuza vumbi hilo kuwa ugonjwa ni hali ya mwili wa mtu aliyelivuta.

Hali hiyo haikosekani katika teritwari ya Fizi, Kivu Kusini, mashariki mwa Kongo. Shirikisho la Kimataifa la Kisukari lilikadiria mwaka 2021 kuwa zaidi ya nusu ya watu wazima wenye kisukari barani Afrika, asilimia 54, hawajui kuwa wanacho. Katika vijiji vya pwani ya Ziwa Tanganyika kuanzia Mboko hadi Baraka, na katika milima inayopanda kuelekea Fizi penyewe, hata anayejua huweza kukatiwa dawa na mambo yasiyo ya kitabibu: kukimbia mapigano, barabara kufungwa, akiba ya kituo cha afya kuisha. Desemba 2020 Madaktari Wasio na Mipaka, waliokuwa nguzo ya huduma mjini Baraka kwa miaka mingi, walitangaza kusitisha sehemu kubwa ya kazi zao Fizi baada ya timu zao kushambuliwa. Mgonjwa wa presha anaweza kukosa vidonge kwa mwezi mmoja na asione tofauti. Aliyezoea insulini hawezi kukaa hata siku chache.

Insulini ikikosekana, mwili hushindwa kutumia sukari na huanza kuunguza mafuta. Kuungua huko huacha asidi zinazoitwa ketoni, na damu huchachuka. Hapo ndipo ukungu hupata nafasi, kwa njia tatu zinazosaidiana. Kwanza, chembe nyeupe za damu, ambazo kwa kawaida hukimeza kijimbegu kabla hakijaota, hulegea katika damu yenye sukari nyingi na asidi. Pili, madini ya chuma, ambayo kwa mtu mzima wa afya hufungwa na protini ya transferini, huachiliwa katika damu yenye asidi, na ukungu huu una uchu mkubwa wa chuma. Tatu, sukari na chuma hicho huamsha juu ya kuta za mishipa ya damu protini ambayo ukungu huitumia kama mlango wa kuingilia.

Kuingia katika mshipa ndiyo tabia inayoutofautisha na fangasi wa vidole au wa kinywa. Nyuzi zake hutoboa ukuta wa mshipa, damu huganda ndani, na nyama iliyokuwa ikinyweshwa na mshipa huo hufa kama bustani ambayo mfereji wake umezibwa. Mambo mengi ya ugonjwa huu hueleweka kutokana na hilo. Weusi uliowatisha watu mwaka 2021 si rangi ya ukungu. Ni nyama iliyokwisha kufa, na kwa sababu nyama huchukua muda kufa na kukauka, weusi ni dalili ya kuchelewa. Anayengoja kuona weusi ndipo aamini ugonjwa upo, ameupa ukungu siku ambazo mgonjwa hana.

Dalili za kweli za mwanzo ni za kawaida kiasi cha kupuuzika. Ili zionekane kwa mpangilio wake, na afuatwe mgonjwa wa mfano: mama wa miaka 48, mchuuzi wa ndagala katika soko la Baraka, mwenye kilo 60. Aliambiwa ana sukari miaka mitatu iliyopita, na kwa wiki tano hana dawa. Kwa siku kadhaa amekunywa maji bila kukata kiu na anaamka usiku mara nyingi kukojoa. Siku ya kwanza kichwa kinamuuma na tundu la kulia la pua limeziba. Siku ya pili uso unamuuma upande huohuo, jino la juu la upande huo linauma ingawa halina tundu, na shavu lina ganzi. Siku ya tatu kope la kulia limevimba na anaona watu wawili pale aliposimama mmoja. Siku ya nne kuna baka jeusi kwenye kaakaa, na jicho halisogei.

Neno la kushika katika orodha hiyo ni ganzi. Mafua huziba pua zote mbili na hayaondoi hisia ya shavu. Hata uvimbe wa kawaida wa sinasi, yaani mashimo ya hewa yaliyo ndani ya mifupa ya uso, huuma lakini hauachi ngozi ya shavu ikiwa haihisi kidole. Ganzi maana yake neva inayopita chini ya jicho imeguswa, na ukungu hupenda kufuata njia hiyohiyo. Ganzi ya shavu moja, au kuona vitu viwiliviwili, kwa mtu mwenye sukari ya juu, inatosha peke yake kuamua kuwa leo si siku ya kumrudisha mgonjwa nyumbani na vidonge.

Kituo cha afya kidogo kina uwezo wa kufanya nini siku hiyo ya pili? Zaidi ya inavyodhaniwa. Glukometa itatoa jibu kwa dakika moja, na mara nyingi kwa mgonjwa kama huyu kioo hakionyeshi namba bali herufi HI, maana sukari imepita kiwango ambacho mashine inaweza kusoma. Kwa mashine nyingi ni miligramu 600 kwa desilita. Ukanda wa kupima mkojo utaonyesha ketoni. Tochi itamulika kaakaa na ndani ya pua, ambako hatua ya mapema huonyesha nyama iliyopauka, isiyotoa damu ikiguswa, kabla haijawa nyeusi. Kidole kitagusa mashavu yote mawili kwa zamu. Mgonjwa ataombwa afuate kidole kwa macho bila kugeuza kichwa. Pumzi yake nzito, ya haraka na yenye harufu ya matunda yaliyoiva mno nayo ni ushahidi wa asidi.

Makosa mawili hujirudia katika taarifa za wagonjwa waliochelewa, nayo yanaweza kutokea kirahisi popote penye famasi ya pembeni mwa barabara. La kwanza ni kung'oa jino. Jino linauma, linang'olewa, maumivu hayaishi, na kidonda cha fizi hakifungi kwa sababu mfupa ulioshika jino umekufa. La pili lina madhara makubwa zaidi: sindano ya deksamethasoni kwa sababu uso umevimba. Uvimbe hupungua kwa siku moja, mgonjwa hushukuru, na wakati huohuo sukari hupanda na kinga hushuka. Steroidi ndizo zilizochochea moto wa India. Antibiotiki hazina kosa la namna hiyo, maana bakteria pia huweza kuleta uvimbe wa jicho. Kosa ni kuzitoa na kungoja wiki moja. Flukonazo, dawa ya fangasi ambayo karibu kila famasi inayo, haiuui ukungu huu kabisa. Anayeitoa akidhani ameanza matibabu amepoteza muda tu.

Muuguzi wa Kongo ana sababu nyingine ya kuchanganyikiwa. Katika misitu ya Afrika ya kati kuna ukungu mwingine, Konidiobolasi, ambao pia huanzia puani. Huo huvimbisha pua na mdomo wa juu polepole, kwa miezi, hadi uso unabadilika sura, lakini humpata mtu asiye na kisukari wala homa, hauingii kwenye mishipa ya damu, na hutibiwa kwa vidonge. Tofauti yao kubwa ni saa. Ukungu wa kisukari hupimwa kwa siku na saa, na aliyeona mgonjwa wa Konidiobolasi akingojea miezi asitarajie kuwa huyu wa kisukari atangoja vilevile.

Uthibitisho hauhitaji maabara ya mji mkuu. Kipande cha nyama kutoka puani, kilichokatwa pale nyama hai inapopakana na iliyokufa, kinawekwa kwenye kigae cha kioo na tone la potasiamu haidroksaidi ya asilimia 10 au 20, ambayo huyeyusha nyama na kuacha ukungu. Baada ya muda mfupi mtaalamu wa hadubini huona nyuzi pana, bapa, zisizo na vyumba vingi, zinazochanua matawi kwa pembe pana karibu na mraba. Hadubini iliyozoea malaria na kifua kikuu inatosha. Kwa kuotesha ukungu, kipande kikatwe vipandevipande bila kusagwa, kwa maana nyuzi hizi ni dhaifu na kusaga huziua. Pamba iliyofutwa puani haitoshi. Ukungu uko ndani ya nyama. Lakini matokeo yakichelewa, matibabu yasichelewe pamoja nayo.

Hoja kuu ya uchambuzi huu iko hapa. Ni rahisi kudhani kwamba tiba ya ugonjwa huu huanza Bukavu au ng'ambo ya ziwa, mahali penye daktari wa masikio, pua na koo, na kwamba kazi ya Baraka ni kutafuta gari tu. Sivyo. Theluthi ya kwanza ya tiba ni kuondoa asidi, nayo inawezekana Baraka, usiku huohuo. Asidi ikiondoka, chuma hufungwa tena na chembe nyeupe huamka. Mgonjwa anayesafirishwa siku nzima huku damu yake ikiwa bado imechachuka anaulisha ukungu njia nzima.

Kwa mama wa mfano, maana yake ni maji ya chumvi ya mshipa, lita moja katika saa ya kwanza kisha polepole, na insulini ya kufanya kazi haraka, uniti 0.1 kwa kilo kwa saa, yaani uniti 6 kila saa. Sukari hupimwa kwa glukometa kila saa. Ikishuka hadi karibu 250, wengi husimamisha insulini kwa hofu ya sukari kuanguka, na hilo ni kosa, kwa sababu sukari hushuka kabla ya asidi kuisha. Njia sahihi ni kuongeza maji ya glukosi na kuendelea na insulini mpaka asidi imekwisha. Potasiamu nayo ni ya kuchungwa: insulini huisukuma kutoka kwenye damu hadi ndani ya chembe, na ikishuka mno moyo husimama. Panapopatikana kipimo chake, kifanyike kabla ya insulini, na potasiamu iongezwe kwenye maji mara mkojo unapotoka vizuri.

Theluthi ya pili ni amfoterisini B. Ipo ya namna mbili, na tofauti kati yao ni tofauti ya figo na fedha. Ya zamani, iliyochanganywa na deoksikolati, hutolewa miligramu 1 hadi 1.5 kwa kilo kwa siku. Kwa kilo 60 ni miligramu 60 kwa kiwango cha chini, kutoka vichupa viwili vya miligramu 50. Haichanganywi na maji ya chumvi, kwani huganda. Huwekwa katika glukosi ya asilimia 5, kiasi cha mililita 600 kwa dozi hiyo, ikaingia polepole kwa saa nne hadi sita. Glukosi hiyo ina gramu 30 za sukari, na muuguzi aikumbuke anapopanga insulini. Kabla yake mgonjwa hupewa nusu lita hadi lita moja ya maji ya chumvi ili kukinga figo, na mrija husafishwa kwa glukosi kati ya maji hayo na dawa. Homa na kutetemeka wakati dawa inaingia ni jambo la kawaida. Kreatinini na potasiamu hupimwa angalau mara mbili kwa wiki, na hapa hatari huungana: amfoterisini hutoa potasiamu kupitia mkojo wakati uleule insulini inaificha ndani ya chembe.

Namna mpya, iliyofungwa ndani ya vitone vya mafuta, huiumiza figo kwa kiasi kidogo kuliko ya zamani na ndiyo inayopendekezwa na mwongozo wa kimataifa wa mwaka 2019: miligramu 5 hadi 10 kwa kilo kwa siku. Mama wa kilo 60 anahitaji angalau miligramu 300, yaani vichupa 6 kila siku. Mwaka 2018 kampuni inayoitengeneza, Giledi, ilitangaza bei ya dola 16.25 kwa kichupa kwa nchi 116 za kipato cha chini na cha kati. Kwa bei hiyo siku moja ni karibu dola 98, na wiki nne ni vichupa 168, zaidi ya dola 2,700. Hakuna familia ya mchuuzi wa ndagala inayozibeba.

Hata hivyo, dawa hii ina mlango mmoja wa kuingilia Kivu Kusini ambao haukuwapo zamani. Mwaka 2022 Shirika la Afya Duniani lilipendekeza dozi moja kubwa ya amfoterisini ya vitone vya mafuta, miligramu 10 kwa kilo, kwa homa ya uti wa mgongo inayosababishwa na fangasi wa kriptokokasi kwa watu wenye virusi vya ukimwi, kufuatia utafiti uliofanyika Botswana, Malawi, Afrika Kusini, Uganda na Zimbabwe. Programu za ukimwi kwa hiyo zina sababu ya kuagiza dawa hii. Akiba ya mgonjwa mmoja wa homa hiyo ya uti wa mgongo, vichupa 12 kwa mtu wa kilo 60, ni siku mbili kamili za tiba ya ukungu wa uso. Siku mbili hazimponyi, lakini ndizo siku za safari. Daktari mkuu wa zoni ya afya anayejua mapema dawa hiyo iko kabati gani, na nani anaruhusiwa kuifungua usiku, ana silaha halisi mkononi.

Theluthi ya mwisho ni kisu. Mapitio ya wagonjwa 929 yaliyochapishwa mwaka 2005 yanaonyesha sababu: waliokosa tiba yoyote walipona asilimia 3, waliopata amfoterisini ya zamani, asilimia 61, waliopata upasuaji peke yake, 57, waliopata vyote viwili, 70. Dawa husafiri kwa damu, na nyama iliyokufa haipokei damu. Daktari wa upasuaji hukata nyama iliyopauka au nyeusi, huondoa mifupa laini ya ndani ya pua na kuta za sinasi iliyoshambuliwa, akiendelea mpaka afike penye damu. Nyama inayotoka damu ndiyo mpaka wake. Kwa kifaa chenye kamera hupita puani. Bila hicho hufungua chini ya mdomo wa juu. Mara nyingi mgonjwa hurudishwa chumba cha upasuaji baada ya siku moja hadi tatu, kwa sababu kilichoonekana hai juzi kimekufa leo. Uamuzi mgumu kuliko wote ni jicho. Likiwa limekwisha kupoteza nuru, halisogei, na ukungu umejaa nyuma yake, kuling'oa kunaweza kuuzuia usifike ubongoni. Likiwa bado linaona, madaktari wengi hulipa nafasi huku wakisafisha sinasi na kuongeza dawa. Familia ielezwe kabla ya mgonjwa kulazwa usingizi, kwa lugha inayoielewa, iwe Kiswahili au Kibembe.

Kisha kuna barabara. Uvira iko kaskazini kwa barabara ya kitaifa namba 5, na Bukavu mbele yake. Mvua ikizidi, mito inayoshuka kutoka milimani, Mutambala ukiwa mmoja wao, huikata njia hiyo, na tangu Februari 2025, Bukavu ilipotekwa na M23, safari imekuwa pia suala la vituo vya ukaguzi. Kwa boti kuna Bujumbura na Kigoma, ziwa likiwa tulivu na mpaka ukiwa wazi. Hakuna njia iliyo bora kila wiki. Kinachoweza kupangwa ni wakati wa kuondoka: asubuhi inayofuata, baada ya saa kadhaa za insulini na dozi ya kwanza ya amfoterisini ikipatikana, badala ya siku ya tano baada ya antibiotiki kushindwa. Kama huko aendako kuna daktari wa kukata lakini hakuna dawa, au kinyume chake, simu ipigwe kabla ya boti kung'oa nanga. Na kama njia zote zimefungwa, daktari wa upasuaji wa kawaida aliye Baraka anayetoa nyama iliyokufa anayoweza kuifikia kupitia puani na mdomoni hamponyi mgonjwa kikamilifu, lakini anaupunguzia ukungu chakula.

Akinusurika, mama wa mfano atakuwa kwenye dawa ya mshipa kwa wiki nne hadi sita, kisha vidonge vya posakonazo kwa miezi, vikipatikana. Kaakaa lililotobolewa litahitaji bamba la plastiki linalotengenezwa na fundi wa meno, la sivyo uji utatokea puani na maneno yake hayataeleweka sokoni. Atahitaji insulini, mahali pa baridi pa kuihifadhi, hata chungu cha udongo chenye maji ikiwa nyumba haina umeme, na vikanda vya glukometa kwa angalau kipimo kimoja kila asubuhi. Kila mafua yatakayomziba tundu moja la pua kuanzia hapo yaonwe na mhudumu wa afya siku hiyohiyo, maana ukungu huweza kurudi mahali pale pale sukari ikipanda tena.